Muhtasari wa The Outsider: ni kipi kati ya vitabu vinavyobeba jina hilo?

Swali: Habari mkutubi. Naomba unifupishie kitabu kinaitwa The Outsider. Kundi letu la wasomaji litakijadili Jumamosi na mimi bado sijakipata. Mwenzetu alikitaja kwa mdomo tu, akasema kina mauaji, kina kesi, na mhusika wake ni mtu asiyeendana na watu. Mwandishi simjui. Nikitafuta mtandaoni kila muhtasari unasema lake: mara Aljeria, mara Chicago, mara kocha wa besiboli. Nishike upi?

Jibu: Usishike wowote kwanza. Mihtasari uliyoikuta huenda yote ni sahihi, ila kila mmoja ni wa kitabu kingine. Katika nchi nyingi sheria ya hakimiliki hailindi jina la kitabu likiwa peke yake, kwa hiyo mwandishi yeyote anaweza kulitumia jina ambalo mwenzake alikwisha kulitumia. The Outsider ni miongoni mwa majina yaliyorudiwa sana, na yaliyorudiwa na waandishi wakubwa.

Ulivyovikuta ni hivi. Cha Aljeria ni riwaya ya Albert Camus, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1942 kwa jina L'Étranger. Cha Chicago ni riwaya ya Richard Wright ya mwaka 1953. Cha kocha wa besiboli ni cha Stephen King, cha mwaka 2018. Kipo na cha nne ambacho hukukitaja, lakini ndicho kinachovuruga utafutaji kuliko vingine: kitabu cha Colin Wilson cha mwaka 1956, ambacho si hadithi, ni uchambuzi. Na kwa kuwa jina ulilisikia tu, hukulisoma, inabidi niongeze The Outsiders cha S. E. Hinton, cha mwaka 1967. Herufi ile ya mwisho humezwa kirahisi mtu anapozungumza, na watu wengi huondoka na kitabu kisicho chao kwa sababu yake.

Sasa tuzipime dalili ulizopewa, maana hapo ndipo kazi ya mkutubi ilipo. Wengi hudhani kwamba ukijua kitabu kinahusu nini, umekwisha kukijua ni kipi. Kwa majina ya namna hii haiwi hivyo. Mtu asiyeendana na watu yumo katika vitabu vyote hivi, na ndiyo sababu waandishi walilichagua jina hilo. Kwa hiyo dalili hiyo haiondoi hata kimoja. Mauaji nayo yako kwa Camus, kwa Wright, kwa King, na hata kwa Hinton, ambako kijana mmoja anamchoma kisu mwenzake. Dalili ya mauaji inamwondoa Wilson peke yake, kwa kuwa kitabu chake hakina kisa.

Inabaki kesi, na hiyo ina uzito. Iwapo mwenzenu alimaanisha kesi inayosikilizwa mahakamani kwa mashahidi, mwendesha mashtaka na hukumu, basi uwanja unakuwa mdogo sana. Kwa Wright hakuna kesi ya namna hiyo: mwanasheria wa serikali anamtambua muuaji, lakini hana ushahidi wa kumfikisha popote. Kwa King, mshtakiwa anapigwa risasi akiwa njiani kuingia mahakamani kusomewa mashtaka, kwa hiyo kesi haianzi. Kwa Hinton lipo shauri mbele ya hakimu, ila linahusu msimulizi kijana aendelee kulelewa na nani, na limepita kwa kurasa chache tu. Ni kwa Camus peke yake ambako gereza na kesi vinabeba karibu nusu ya kitabu.

Kwa dalili zako, basi, ninaegemea kwa Camus. Nasema ninaegemea kwa kuwa mwenzenu huenda alitumia neno kesi kwa maana ya upelelezi wa polisi, na akiwa amemaanisha hivyo King anarudi mezani mara moja, kwa sababu upelelezi ndio uti wa mgongo wa riwaya yake.

Mtumie mwenzenu ujumbe leo, lakini usimwulize kitabu kinahusu nini. Atakujibu tena kwamba kinahusu upweke, jamii na hatia, na utabaki pale pale. Mwulize jina la mhusika mkuu. Akijibu Meursault ni Camus, Cross Damon ni Wright, Terry Maitland au Ralph Anderson ni King, Ponyboy ni Hinton. Jina moja tu linamaliza ubishi wote. Kama amelisahau, na watu husahau majina ya wahusika kuliko unavyodhani, mwulize mambo mawili ambayo mikono na masikio huyakumbuka: kitabu ni chembamba au kinene, na msimulizi anasema "mimi" au anamsimulia mtu mwingine. Cha Camus ni chembamba, katika matoleo mengi kinazunguka kurasa mia na kitu, na msimulizi ni "mimi". Cha King kinapita kurasa mia tano na kinasimuliwa kwa nafsi ya tatu. Cha Wright nacho ni kinene na cha nafsi ya tatu. Akikwambia ni chembamba na ni cha "mimi", bado hujamaliza, kwa sababu cha Hinton nacho kina sifa hizo mbili. Hapo ongeza swali la tatu: msimulizi ni mtu mzima aliyefiwa na mama yake, au ni mvulana wa miaka kumi na minne anayeishi na kaka zake?

Kama kitabu anacho, lipo jambo rahisi kuliko yote. Akupigie picha ya nyuma ya ukurasa wa jina, pale palipo na hakimiliki. Usitosheke na jalada, kwa sababu jalada hubadilika kila toleo. Ukurasa huo ndio unaotaja mwandishi, mwaka, mfasiri kama yupo, na jina la kitabu katika lugha yake ya asili. Ukiona L'Étranger hapo, umefika. Utaona pia namba ya ISBN. Ukiiandika kwenye sehemu ya kutafutia ya katalogi ya maktaba au duka la vitabu, italeta kitabu hicho hicho na si jina linalofanana nacho. Ila fahamu kwamba ISBN hutambulisha toleo, haitambulishi kazi yenyewe. Chapa ya jalada gumu na ya jalada laini za riwaya moja zina namba tofauti, kwa hiyo wewe na mwenzako mkiwa na namba mbili tofauti haina maana kwamba mnasoma vitabu tofauti. Na kitabu kilichochapwa kabla ya namba hizo kuenea, katika miaka ya 1970, huenda hakina kabisa.

Kwa Camus kuna tatizo la upande wa pili pia, nalo linawapoteza hata wasomaji makini: kitabu kimoja kina majina mawili kwa Kiingereza. Tafsiri ya kwanza, ya Stuart Gilbert, ilitoka mwaka 1946 pande mbili za bahari. Marekani ikaitwa The Stranger, Uingereza ikaitwa The Outsider. Sababu yake inalihusu swali lako hasa. Riwaya ya mwandishi wa Poland, Maria Kuncewiczowa, ilikuwa imeshatoka kwa Kiingereza kwa jina la The Stranger, na mchapishaji wa Uingereza akaogopa wasomaji kuvichanganya viwili hivyo. Akakimbia mgongano mmoja wa majina, na miaka michache baadaye Wright na Wilson wakaleta mwingine. Mgawanyiko ule umebaki hadi leo: tafsiri ya Joseph Laredo ya 1982 na ya Sandra Smith ya 2012 zinaitwa The Outsider, ya Matthew Ward ya 1988 inaitwa The Stranger. Kwa hiyo ukitafuta Camus kwa The Outsider peke yake, utakosa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu yake. Katalogi nzuri za maktaba hulitatua hili kwa kuyakusanya matoleo yote chini ya jina la asili, kwa hiyo tafuta kwa jina la mwandishi pamoja na L'Étranger, kisha chagua lugha.

Kuhusu Wilson, nilisema anavuruga utafutaji. Kitabu chake kinachambua watu wa fasihi na wa historia waliojiona wako nje ya jamii, na mmoja wa anaowachambua ni Meursault wa Camus. Ukiandika The Outsider na Camus pamoja, unaweza kuletewa Wilson, na maelezo yake yatamtaja Meursault, nawe utaamini umepata ulichokitaka. Wright naye alihamia Paris baada ya vita, akawa karibu na wanafalsafa wa udhanaishi, wale wanaosema mtu hujitafutia mwenyewe maana ya maisha yake, akina Sartre na wenzake, kwa hiyo wahakiki humlinganisha na Camus mara kwa mara. Vitabu vitatu vya miaka inayokaribiana, jina moja, falsafa moja inayotajwa katika vyote. Ndiyo maana mihtasari mingine mtandaoni imechanganyika kweli kweli: jalada la huyu, mwaka wa yule, kisa cha wa tatu.

Mimi hutumia kipimo hiki ninapoukagua muhtasari. Natafuta majina ya watu na ya mahali. Muhtasari usiotaja mhusika hata mmoja wala mji hata mmoja, unaosema tu kwamba kitabu kinachunguza upweke wa mwanadamu katika jamii isiyomwelewa, nauweka kando, kwa sababu unaweza kubandikwa kwenye vyote vitano bila mtu kugundua. Kisha nalinganisha majina na mwaka. Meursault akiwa pamoja na 1956, kuna aliyechanganya Camus na Wilson. Chicago na kurasa mia na ishirini haviendi pamoja.

Nikiegemea nilikoegemea, muhtasari wako ni huu. Usome ukijua kwamba ni wa L'Étranger ya Camus na si wa kitabu kingine.

Meursault ni karani kijana jijini Algiers, wakati Aljeria iko chini ya Ufaransa. Anapata telegramu kwamba mama yake amefariki katika nyumba ya wazee huko Marengo. Anakwenda, anakesha kando ya jeneza, anavuta sigara, anakunywa kahawa ya maziwa, hataki jeneza lifunguliwe, na kwenye mazishi halii. Kesho yake anakwenda kuogelea, anakutana na Marie, msichana aliyewahi kufanya kazi ofisini kwao, wanakwenda kuangalia filamu ya kuchekesha na wanalala pamoja. Haya yote anayasimulia kwa sentensi fupi, bila kujitetea na bila kujilaumu, na namna hiyo ya kusimulia ndiyo kitabu chenyewe. Msomaji anayeyafuata matukio tu atakiona kikavu.

Jirani yake, Raymond, ambaye watu husema anaishi kwa fedha za wanawake, anamwomba amwandikie barua ya kumnasa mpenzi wake anayemshuku. Meursault anaandika kwa kuwa haoni sababu ya kukataa. Raymond anampiga mwanamke huyo, na tangu hapo kaka wa mwanamke, Mwarabu, anaanza kumfuatilia pamoja na wenzake. Jumapili moja Meursault, Marie na Raymond wanakwenda pwani kwenye nyumba ya rafiki. Panatokea ugomvi, Raymond anakatwa kisu. Baadaye Meursault anaichukua bastola ya Raymond ili Raymond asije akaua mtu. Kisha anarudi peke yake ufukweni, jua likiwa kali mno, anamkuta yule Mwarabu kwenye chemchemi. Mwarabu anatoa kisu, mng'ao wa jua unampiga Meursault machoni, anafyatua risasi. Anatulia kidogo, halafu anafyatua nyingine nne juu ya mwili usiotikisika. Sehemu ya kwanza inaishia hapo.

Sehemu ya pili ni gereza na mahakama. Upelelezi unachukua miezi kumi na mmoja. Hakimu wa upelelezi anamtolea msalaba akitaka ajute, naye anasema anachokiona moyoni ni kero zaidi kuliko majuto. Kesi inapofunguliwa, mwendesha mashtaka hajishughulishi sana na maiti ya ufukweni. Anawaita watu wa nyumba ya wazee waseme kama mshtakiwa alilia, anataja kahawa, sigara, kuogelea na filamu, na kutokana na hayo anamjenga mtu asiye na moyo. Zile risasi nne za baadaye, ambazo msomaji angetaka zielezwe, hazipati jibu linalotosha. Alipoulizwa kwa nini aliua, Meursault anasema ni kwa sababu ya jua, na watu mahakamani wanacheka. Anahukumiwa kukatwa kichwa. Mwishoni padre anaingia chumbani kwake bila kuitwa, anasisitiza kumwombea, na kwa mara ya kwanza Meursault analipuka kwa hasira, anamkamata kanzu, anamwambia padre huyo kwamba yeye padre hana hakika na lolote kama Meursault alivyo na hakika na maisha yake na kifo chake kinachokuja. Baada ya hapo anatulia, anaufungua moyo kwa ulimwengu usiomjali, na anajiona alikuwa na furaha na bado anayo.

Ukienda kwenye mjadala, chukua na jambo moja ambalo mihtasari mingi huliruka: aliyeuawa hana jina. Katika kitabu chote anaitwa Mwarabu tu, na mahakamani karibu anasahaulika kabisa. Wasomaji hawakubaliani kama hilo ni upofu wa Camus au ni jinsi alivyokusudia kuuonyesha upofu wa ile mahakama ya kikoloni. Mimi naona kitabu kinaruhusu kusomwa kwa namna zote mbili, na mjadala wa kundi lenu utakuwa na uhai zaidi mkianzia hapo kuliko mkianzia kwenye falsafa.

Na iwapo mwenzenu atakujibu jina jingine, haya yatakusaidia kutambua mapema. Kwa Wright, Cross Damon ni mtu Mweusi anayefanya kazi posta huko Chicago, mwenye mke anayemdai, msichana aliyempa mimba na madeni yasiyolipika. Treni ya chini ya ardhi inapata ajali, maiti ya mtu mwingine inadhaniwa kuwa yake, naye anaamua kubaki mfu na kuanza upya. Kuilinda siri hiyo anamuua rafiki anayemtambua, anakimbilia New York kwa jina la bandia, anaingia kati ya wakomunisti na kuua tena: mkomunisti mmoja na mwenye nyumba mbaguzi katika chumba kimoja, na baadaye mkomunisti mwingine. Eva, mwanamke anayempenda, anajiua anapojua ukweli. Ely Houston, mwanasheria wa serikali, anaelewa kila kitu na hawezi kuthibitisha chochote, na Damon anamalizwa na watu wa chama. Swali la kitabu ni kama mtu anaweza kujitungia sheria zake mwenyewe akabaki mtu.

Kwa King, Terry Maitland, mwalimu na kocha anayependwa na mji mzima, anakamatwa hadharani uwanjani kwa mauaji ya mtoto. Alama za vidole na mashahidi vinamfunga, na wakati huo huo ipo video inayomwonyesha yuko mji mwingine saa hizo hizo. Mpelelezi Ralph Anderson analazimika kukubali kwamba muuaji si binadamu wa kawaida. Zaidi ya hapo sitasema, kwa kuwa kitabu hicho hupoteza ladha mwisho wake ukijulikana.

Ponyboy wa Hinton ni mvulana wa upande wa maskini katika mji uliogawanyika kwa makundi ya vijana. Rafiki yake Johnny anamuua kijana wa upande wa matajiri akimwokoa yeye, wanatoroka, na mengine yanafuata. Mkikuta ndicho hiki, utakimaliza kukisoma chote kabla ya Jumamosi, hakihitaji muhtasari.

Mwenzenu akishajibu, niandikie jina la mhusika au unitumie picha ya ule ukurasa wa hakimiliki. Ikiwa ni Wright au King, nitakuandikia muhtasari kamili kama huu wa Camus, sehemu kwa sehemu.